Minyaa Iliyong'olewa Mapema

Mama Uzi, fundi cherehani, alikuwa na ulimi mkali kuliko mkasi wake, lakini siku hiyo, ofisini kwa mwenyekiti wa kijiji, ulimi haukumsaidia kitu.

Mwenyekiti alikuwa na barua yake mkononi. Mama Uzi aliiandika mwezi uliopita pamoja na jirani yake, Mwalimu mstaafu: wanaomba aje ashuhudie na kuandikisha mpaka wao mpya unaopita nyuma ya chumba cha Mama Uzi cha kushonea, ulionyooka badala ya ule wa zamani uliopinda. Saini mbili chini, na mhuri wa ofisi: IMEPOKELEWA.

Mwenyekiti alipanga Jumamosi. Ukatokea msiba, akasogeza wiki moja. Sasa mtu na furaha yake hawezi kutulia! Wakaona mwenyekiti akija akute pasafi, wakang'oa minyaa yote, ule ua wa mpaka wa zamani, Mwalimu akitania, "Mama, hata ndoa yangu sikuing'ang'ania hivi."

Alhamisi, siku mbili kabla ya mwenyekiti kuja, Mwalimu alianguka. Upande mmoja ukapooza, na sauti nayo ikaondoka.

"Mama, mimi sigombani," alisema pale ofisini mtoto wa Mwalimu, dereva wa lori, aliyekuja kumuuguza baba na kukuta kiwanja hakina mpaka. "Nionyeshe tu mpaka wa zamani."

"Ulipita ilipokuwa minyaa."

"Iko wapi?"

"Tumeing'oa. Baba yako ndiye aliyeshika jembe."

"Basi muulize baba."

Mama Uzi alimtazama mpaka dereva akageukia dirisha.

"Mwenyekiti, mashahidi wangu wapo."

"Nimewaita. Mmoja anasema minyaa ilikuwa nyuma ya chumba. Mwingine anasema yeye hupita pale akiangalia ndizi, siyo mipaka." Mwenyekiti hakucheka. "Ningefika, ningetembea na nyinyi wote wawili, ningepima, mngeweka saini mbele yangu na mbele ya mashahidi. Sikufika. Barua hii inaonyesha mliomba. Haionyeshi nilishuhudia."

"Si Mwalimu aweke dole gumba?"

"Asiyeweza kusema ndiyo wala hapana, kidole chake sikipaki wino. Nenda baraza la ardhi, mama."

"Huko kesi huchukua miaka mingapi?"

Mwenyekiti aliirudisha barua kwenye faili. Dereva alishaanza kumwambia Mama Uzi kamba yake ya mpaka itapita wapi: katikati ya chumba, kati ya cherehani na dirisha.

Jioni Mama Uzi alimpelekea Mwalimu uji. Alimwambia yote, polepole, kama anayepima nguo. Mwalimu aliinua mkono usiopooza, akachora mstari hewani, ulionyooka kabisa, akaurudia mara tatu. Dereva alikuwa mlangoni, ameona.

"Anataka mto," alisema, akaenda kuuleta.

Mama Uzi alimfuta Mwalimu machozi. Kisha akarudi nyumbani kusogeza cherehani.