Kiungo Ambacho Hakikubofywa

Kila alasiri, kabla ya kutoka ofisini Kitale, Sumeya alibofya kila kiungo katika makala zilizopangwa kuchapishwa zenyewe kesho yake kwenye blogu ya nafasi za masomo. Siku moja mtandao ulijikokota mno. Akaona viungo vyote vina rangi ya buluu, akaamini ni vizima bila kuvibofya, akamwambia mkubwa wake, Hillary, kwamba amekagua.

Wiki iliyofuata akapigiwa simu na Nelima, msichana wa Kamukuywa aliyeipata namba yake kwenye blogu.

"Dada, ile fomu ya chuo cha uuguzi ilinikatalia huku saiba ya Bungoma, kwenye kompyuta za kulipia. Ati ukurasa haupatikani. Nikadhani ni mimi sijui kompyuta, nikaona haya kuuliza."

Sumeya akakibofya kiungo. Kweli, kilikuwa kimekufa. Chuo kilikuwa kimehamisha ukurasa kabla hata makala haijachapishwa, na sasa muda wa kutuma fomu ulikuwa umekwisha.

"Si wewe, Nelima. Ni mimi sikukagua."

"Asante kuniambia, dada."

Shukrani hiyo ilimchoma kuliko tusi. Akainuka, akaenda mezani kwa Hillary, macho yake sakafuni.

"Nilikudanganya," akasema.