Tangawizi ya Mwalimu Rwezaura

Mwalimu Rwezaura alifundisha somo la kilimo miaka ishirini na tisa bila kuota sugu hata moja mkononi. Wanafunzi ndio walioshika majembe. Yeye alishika chaki, na shamba la shule likistawi alisifiwa yeye. Haya hakusingiziwa na mtu. Mwenyewe ndiye aliyekuwa akiyasimulia pale kijijini Nkwenda, na kila aliposimulia alizidi kujichongea.

Alistaafu mwaka 1986. Yeye na mkewe Kokubanza, wote watu wa Muleba, wakabaki Nkwenda kwa sababu Kokubanza alikuwa na meza ya vitenge sokoni na kwaya kanisani, na hakuwa tayari kuacha kimojawapo. Walipanga nyumba nyuma ya maduka. Ua wake ulikuwa mwamba mtupu, jembe likigusa linatoa cheche. Upande wa mashariki tu, penye tope la maji ya kuogea, palisimama migomba mitatu.

Septemba iliyofuata, wanakwaya walipokuja kunywa chai, Kokubanza alilalamika kwamba tangawizi imeadimika sokoni. Mwalimu akaweka kikombe chini.

"Kuanzia mwakani," alisema, "nyumba hii hainunui tangawizi. Nitaipanda kwenye pipa."

Xaveria, kiongozi wa kwaya, alimtazama kwa heshima. Kokubanza alimtazama tu.

Pipa lilikuwepo: la kukingia maji ya mvua, lililoliwa na kutu nusu ya juu. Fundi akalikata, ikabaki nusu ya chini, nzima, yenye upana wa kutosha kumkalisha mtoto wa miaka mitano. Mwalimu akalijaza udongo, akatwaa vipande vya tangawizi vilivyosinyaa jikoni, maana vilivyonona vilikuwa vya chai, akavikatakata, akavifukia papo hapo vikiwa bado vinatoa maji. Kisha akavinywesha ndoo asubuhi na ndoo jioni. Pipa halikuwa na tundu hata moja. Baada ya wiki tatu, kuku walikataa kupita karibu kwa uvundo.

Aliyemkuta akichungulia uozo ule alikuwa Nyirabageni, ambaye wengi walimwita Mama Fidele. Alikuwa mjane wa makamo yake Mwalimu, mzaliwa wa Rwanda, anayelima vibarua na kuuza mboga na mbegu nyumba kwa nyumba.

"Mwalimu, umepika nini?"

"Ni jaribio," alijibu Mwalimu.

Mama Fidele alitua kapu lake, akachutama, akapitisha mkono chini ya pipa. "Maji yanatokea wapi?"

Mwalimu alikumbuka vizuri sana kwamba aliwahi kuchora ubaoni mchoro wa udongo usiotuamisha maji, kwa chaki za rangi tatu.

Siku ya pili yule mama alirudi na tunguu moja nono la tangawizi, ngozi imekaza, limejaa vivimbe vidogo. "Haya ni macho," alisema. "Ndiyo yanayoota. Kata vipande vya ukubwa wa kidole gumba, kila kimoja kiwe na jicho, mawili yakipatikana ni bora. Usipande leo. Viache kivulini siku mbili, jeraha likauke."

Wakatoboa kitako cha pipa kwa msumari mnene, matundu kumi na mawili, wakaliinua juu ya mawe matatu. Wakachanganya udongo mweusi, samadi iliyokwisha kuoza, na mchanga kidogo. Vipande sita vikalazwa macho juu, vikafunikwa udongo wa kina cha vidole vitatu, na juu yake majani makavu ya mgomba.

"Umejifunzia wapi kupanda kwenye vyombo?" Mwalimu aliuliza.

"Njiani," alisema Mama Fidele, akipangusa mikono. "Nilipotoka kwetu nilikuwa na sufuria iliyotoboka. Mahali pa kwanza nililima ardhini, tukaambiwa tuhame. Pa pili vilevile, mazao yakabaki. Nikasema basi, vingine nitavipanda kwenye kitu ninachoweza kujitwika."

Alisema hivyo kama mtu anayetaja bei ya kabichi, akauliza kama kuna maji ya kunywa.

Mwezi mzima pipa likanyamaza. Mama Fidele alikuwa ameonya kwamba tangawizi haina haraka, na kwamba ambacho hakijachipua hakihitaji maji mengi, unyevu tu. Lakini Mwalimu hakuwahi kuwa mtu wa kungoja. Kila asubuhi alifukua kipande kimoja kwa kijiko cha chai, akakitazama, akakifukia tena. Kokubanza akamuuliza kama anatahini au anapanda. Wiki ya sita, vidole vitano vya kijani vilichomoza. Kile cha sita, kilichofukuliwa kuliko vyote, hakikutokea.

Mwalimu aliona majani yale yanastahili kuonekana. Akaita vijana wawili, wakalihamishia pipa mbele ya nyumba, kando ya ukuta wa mabati unaotazama magharibi, kila apitaye aone. Jua la mchana likapiga mabati, mabati yakapiga majani. Kufikia siku ya nne yalikuwa yamejikunja kama sigara, ncha zimeungua. Mama Fidele alipopita alinyoosha kidole kwenye ile migomba mitatu. Pipa likarudi mashariki, likapata jua changa la asubuhi kwa saa mbili tatu, na mchana kutwa kivuli chepesi cha majani ya mgomba. Halikuhamishwa tena. Kufikia Machi mashina yalimfikia Mwalimu kiunoni.

Pasaka ilipokaribia alitaka kung'oa yote. Kwa bahati Mama Fidele alikuwepo.

"Hii ni ya miezi mitano," alisema. "Chimbua pembeni tu, chukua kidogo, tunguu mama uliache." Kilichotoka kilikuwa cheupe, chenye ngozi laini ya kukwanguliwa kwa ukucha na wekundu kidogo shinani. Chai ya Pasaka ilinukia vizuri, ila haikuwasha. Wanakwaya waliisifu sana, na Mwalimu, aliyesifu kazi mbaya za wanafunzi kwa miaka ishirini na tisa, alijua sifa za namna hiyo.

Mei, Mama Fidele alikuja kuaga. Alikuwa anakwenda Isingiro kwa mwanawe Fidele, wakachume kahawa za watu hadi Julai iishe.

"Nimeahidi mbegu kwa wanakwaya wanane," alisema. "Nitawauzia nikirudi, wapande mvua za Septemba. Na pipa lako, Mwalimu, ukiona majani yanageuka rangi..."

"Mama Fidele," alimkatiza kwa upole wa mtu anayejua, "nenda kwa amani. Mengine yote nimeandika daftarini."

Daftarini hamkuwa na kitu.

Mwishoni mwa Juni majani yakaanza kuwa manjano. Mwalimu akaongeza maji. Yakazidi. Akaongeza samadi. Mashina yakalala, yakakauka moja baada ya jingine kama mahindi yaliyosahauliwa. Akavaa miwani, akapekua vijitabu vyake vyote, akakuta ugonjwa wa ndizi wenye dalili zinazofanana na hizo, akatosheka.

Xaveria alipouliza habari za pipa, angeweza kusema hajui. Neno hilo moja lilikuwa halijawahi kutoka kinywani mwake mbele ya mtu mzima. Akasema, "Ni mbegu. Ile mbegu ya Mama Fidele ina ugonjwa. Ningekuwa ninyi nisingeipanda."

Jumapili ile ile kwaya nzima ilikuwa na habari.

Wiki ya mwisho ya Julai Kokubanza alimwambia aondoe ule mzoga, wageni wanakuja. Mwalimu akalisukuma pipa mpaka jalalani, akalipindua kwa teke. Udongo ukatoka mzimamzima kama ugali, ukapasuka kati. Harufu ikampanda puani kabla macho hayajaona. Ndani mlikuwa na tangawizi: imeshikana vidole kwa vidole, ngozi ngumu ya hudhurungi, mafungu yamejibana mpaka kwenye bati. Chini kabisa, yalikokaa yale maji aliyoongeza, vipande viwili vitatu vilikuwa vimeanza kuoza. Vingine vyote vilikuwa vizima.

Kokubanza alikuja akasimama nyuma yake, mikono kiunoni.

"Marehemu mbona amenenepa?"

Mwalimu alichukua kipande, akakivunja, akakionja. Kiliwasha mpaka machozi yakamtoka, ingawa si yote yaliyotokana na tangawizi.

"Majani yalikuwa yanasema imekomaa," alisema taratibu. "Alitaka kuniambia. Nilimkatiza."

"Na mbegu yake je?"

Mwalimu alikuwa anawahesabu kichwani wale wanakwaya wanane.

Mama Fidele alirudi Agosti, na siku ya gulio alikuwa sokoni na kiroba cha mbegu, macho ya mbegu yametuna tayari kuota. Mpaka saa tano hakuna aliyemkaribia. Xaveria alipita akinunua vitunguu, akageuza uso. Mama Fidele hakujua kwa nini, na hakuuliza. Alikuwa amezoea kuhama mahali bila kuelezwa sababu. Alikuwa ameanza kufunga kiroba.

Hapo ndipo Mwalimu Rwezaura alipotokea akiburuza gunia lake mwenyewe. Alilimwaga pale pale kwenye turubai la Mama Fidele. Watu wakageuka. Akasafisha koo, na sauti ya darasani ikamtoka bila kuitafuta.

"Nilisema mbegu ya mama huyu ina ugonjwa. Nilidanganya. Hapana, si kudanganya. Nilikuwa sijui, na nikasema kama ninayejua, jambo ambalo nimelifanya tangu kuajiriwa. Hii hapa imetokana na mbegu yake. Mgonjwa nilikuwa mimi."

Kicheko kikaanzia kwa wauza ndizi, kikazunguka soko. Mtu mmoja nyuma, kijana aliyewahi kuchapwa naye kwa kutopalilia, alicheka mpaka akakaa chini. Mwalimu alisimama akakipokea kicheko chote. Baadaye alikuwa akisema kwamba hajawahi kufundisha kipindi kilichoeleweka kama kile.

Akamgeukia Mama Fidele, akasema kwa sauti ndogo, "Nisamehe, mama yangu. Nimekuharibia jina."

Mama Fidele alimtazama bila tabasamu. "Jina langu nimelibeba mbali, Mwalimu," alisema. "Hukupaswa kulichezea."

"Ni kweli."

"Uliendelea kuimwagia maji majani yalipogeuka?"

"Ndoo mbili kwa siku."

Mdomo wa Mama Fidele ulitetemeka. Alijizuia, akashindwa, akacheka hadi akajifunika kanga. "Ndoo mbili! Ina bahati imepona!"

Xaveria alikuwa wa kwanza kurudi. Alichagua matunguu mawili, akayageuza, akauliza, kwa mazoea, akimtazama Mwalimu: "Haya yakatwe vipi?"

Mwalimu alifungua kinywa, akakifunga. Akasogea pembeni ili Mama Fidele aonekane vizuri.

"Muulize yeye," alisema, akachuchumaa kushikilia mdomo wa kiroba, maana watu walikuwa wanazidi kuja.