Punda wa Kundi la Mtaa

Mume wangu ni kinyozi, kaka yangu ana bucha, na maduka yao yametenganishwa na ukuta mmoja tu. Kwa miaka kumi na moja nimewasikia wakitukanana kupitia ukuta huo kama wengine wanavyosalimiana. Kaka akiingia kunyolewa, mume wangu humfunga kitambaa shingoni na kumuuliza, "Leo punda gani kafa, shemeji?" Naye hujibu, "Ndugu wa yule uliyemnyoa jana." Wateja hucheka mpaka wanashika mbavu.

Asubuhi moja kaka aliweka picha ya paja la ng'ombe kwenye kundi la mtaa, kwenye simu, akitangaza nyama mpya. Mume wangu akaandika chini yake: "Wanunuzi, huyo ni punda. Nimemsikia akilia alfajiri." Kisha akaenda zake kunywa chai.

Kundi lile lina watu zaidi ya mia mbili, na si wote wanaowajua hawa wawili. Kabla ya adhuhuri mpishi mkuu wa shule ya bweni, mama aliyehamia mtaani mwezi uleule, alikuwa amekatisha oda yake. Kesho yake akaja mkaguzi wa afya. Hakukuta kitu, lakini waliomwona akiingia hawakungoja kumwona akitoka.

"Mwambie mumeo awaeleze watu kwamba alikuwa anatania," kaka aliniambia. Macho yake yalikuwa mekundu.

Mume wangu alifuta ujumbe siku ileile, ila kueleza akakataa. "Mzaha ukielezwa umekufa. Na nani mwenye akili zake angeamini?"

Barua ya wakili wa kaka ilipokuja, aliicheka. Wito wa mahakama ulipokuja, alikaa chini.

Siku ya kesi mvua ilinyesha, tukaenda watatu chini ya mwavuli mmoja, mimi katikati. Nje ya chumba cha mahakama kaka alimtazama mume wangu, akanyoosha mkono akamlazia kola ya shati. "Utamtia aibu dada yangu," alinung'unika.

Mpishi mkuu alitoa ushahidi kwanza. "Nalisha watoto mia nne," alisema. "Siwezi kubahatisha."

Kisha nikaitwa mimi, upande wa mume wangu. Nikaapa. Wakili wake aliniuliza kama hawa watu ni watani, nami nikasimulia yote, hata ya ndugu wa punda. Chumba kizima kikacheka, karani akafunika mdomo kwa faili. Nikadhani tumepona.

Wakili wa kaka akasimama taratibu. "Shahidi, mpishi mkuu amewahi kufika kwa kinyozi huyo?"

"Hapana."

"Basi aliposoma maneno yale, angejuaje kuwa ni utani?"

Nilimtazama mume wangu.

"Asingejua," nikasema.

Mume wangu akainamisha kichwa. Kisha akakitikisa, kidogo tu, kama anayenikubalia.

Hukumu ilisomwa wiki mbili baadaye. Hakimu, mama mwenye sauti ya upole, alisema mahakama haiulizi mdaiwa alikusudia nini moyoni. Inauliza msomaji wa kawaida, aliyeyakuta maneno pale yalipoandikwa, angeyaelewaje. Yanayosemwa kwenye kiti cha kinyozi, mbele ya wanaowajua, ni mzaha; hakuna anayeyaamini, basi hayamshushi mtu hadhi. Lakini kundini wamo wasiojua utani huo, na kusema muuza nyama anauza punda ni kumpiga penye kazi yake. Hiyo ni kashfa. Kwa kuwa ujumbe ulifutwa mapema, wala hapakuwa na chuki, fidia ingekuwa ndogo. "Na mdaiwa angeomba radhi mapema," aliongeza, "ingepungua zaidi."

Kaka akanong'onezana na wakili wake, naye akasimama: mteja wake yuko tayari kuiacha fidia, mradi aombwe radhi kwenye kundi lilelile.

"Fidia ni yake," hakimu akajibu. "Akitaka kuisamehe, mahakama haimzuii."

Kuandika radhi ile kulimchukua mume wangu siku mbili. Kila rasimu ilikuwa na kichekesho kimejificha mahali, na kila nilipokiona nilikifuta. Mwishowe akaandika kwamba alisema uongo kwa mzaha, kwamba bucha la shemeji yake ni safi, na kwamba nyumbani kwake hailiwi nyama nyingine. Akaituma, akaiweka simu kifudifudi.

Mpishi mkuu alijibu kwanza: alitaka kilo sitini Ijumaa.

Jioni kaka alikuja kwetu na mfuko wa maini. Alikuwa ameshaisoma, nilijua. Hata hivyo alivuta kiti karibu na mume wangu.

"Nisomee," akasema. "Polepole."

Mume wangu akamsomea yote, na sauti ikamkwama kwenye neno shemeji.