Kilio Siku Moja Kabla ya Usaili

Kavira alikuwa akipulizia makaa ndani ya pasi, kama alivyofanya kila asubuhi, aliposikia mwanamke wa nyumba ya pili akipiga kelele mara moja tu, kisha kimya. Akaiweka pasi chini. Blauzi nyeupe ikabaki imetandazwa mezani, mkono mmoja umenyooshwa, mwingine bado una mikunjo.

Mama yake, Kaswera, alikuwa ameshatoka mbio. Rémy, mtoto wa jirani huyo, Berthe, aliyeshikwa na surua juma lililopita, alikuwa amekufa.

Safari ya Kavira ilikuwa ya siku hiyo. Shule ya wauguzi ya misheni, kule mlimani, ingewasaili wasichana wanaoomba nafasi kesho saa mbili asubuhi, na baada ya hapo mlango ungefungwa hadi mwaka ujao. Mvua zilikuwa zimeshaiharibu barabara, na lori la alfajiri lisingefika kwa wakati. Kwa hiyo Kaswera alikuwa amepanga kila kitu na kaka yake Katsuva, dereva: Kavira angepanda leo saa sita sokoni, angeshuka jioni, aende mara moja kuuona mlango wa shule ili kesho asiutafute, kisha alale kwa binamu yao, hatua chache kutoka hapo. Usinywe chai kali jioni, mama alimwambia. Osha miguu na maji ya moto, ulale mapema, usifungue tena vitabu. Ndani ya begi mlikuwa na diplomu, cheti chake cha sekondari, iliyofungwa katika plastiki kwa ajili ya mvua, karte ya mwananchi ya kuonyesha kwenye vizuizi vya askari, kalamu mbili, mkate, blanketi, na viatu vya kuvaa atakapofika, maana njiani ni matope.

Kavira alisimama mbele ya begi hilo, akisikiliza wanawake wakianza kulia. Kwa siku nyingi tumbo lake lilikuwa limejikaza kama kamba mbichi. Sasa likalegea. Alilihisi likilegea, akaona aibu, akachukua ndoo akaenda kuteka maji.

Berthe alitoka Mahagi, na mjini Bunia hakuwa na ndugu. Kazi ya ndugu ikawa ya majirani wa mtaa wa Bigo. Kaswera alimwosha mtoto. Kitambaa cheupe hakikupatikana, kwa hiyo Kavira alileta blauzi yake, na hakuna aliyemzuia. Walimviringisha mtoto ndani yake. Mikono ya blauzi ilikuwa mirefu kumzidi, ikafungwa kifuani.

Saa sita ikapita. Walimzika mapema alasiri, udongo ukiwa mzito kwa maji. Wanawake waliokuwa wamekaa kwenye mikeka walimsifu Kavira: mutoto ya moyo, ameacha safari yake. Kila sifa ilimchoma, akainama zaidi.

Ndipo Katsuva akatokea, suruali imejaa tope hadi magotini. Alimpa Berthe mkono, akakaa kidogo kama inavyotakiwa, kisha akamwita mpwa wake kando. Magunia ya maharage yalichelewa, alisema. Lori lilikuwa bado sokoni, vijana wanafunga turubai. Wangefika usiku, lakini wangefika.

Kavira akasema hana blauzi. Kaswera akasema ameshaazima moja kwa mke wa Mumbere. Kavira akasema hawezi kuacha kilio. Katsuva akamjibu kwamba mtoto ameshazikwa na Kaswera atabaki hapa kwa niaba yake, hakuna atakayemsema. Kavira akasema huko hatalala kwa kukiwaza kifo hiki, na kesho atasahau hata jina lake.

"Hautalala pale, hautalala hapa," Katsuva alisema. "Tofauti, pale kuna mlango. Unakuja?"

Kavira alitikisa kichwa kukataa. Mjomba akageuka, akaondoka. Kaswera alirudi kukaa na wengine.

Baadaye kidogo wakasikia honi upande wa sokoni, ikipigwa mara nyingi, halafu mngurumo ukapungua kuelekea barabara ya mlimani hadi usisikike tena.

Berthe alinyoosha mkono akamshika Kavira kidole.

"Gari yako imeenda," alisema. "Weye umepoteza masomo juu ya mutoto wangu. Mungu akulipe, mwanangu. Miye sitasahau."

Wanawake waliitikia taratibu. Kavira alitaka kunyamaza, kama alivyonyamaza siku zote. Lakini kidole kilikuwa bado mkononi mwa yule mama, na mkono ule ulikuwa wa moto.

"Usinishukuru, mama Rémy," alisema, na sauti yake ikawafikia wote mkekani, hata mama yake. "Si juu yake nimebaki. Niliogopa kwenda."