Jibu Lililotembea kwa Miguu

Kundi letu la semina ya sheria ya mikataba, lile la Jumanne asubuhi, lilikuwa na sifa moja ambayo makundi mengine yalituonea kijicho: hatukuwahi kumwacha mwenzetu. Anayeanguka tunamwinua, anayekwama tunamnong'oneza. Ukimgusa mmoja umetugusa wote. Tulikuwa watu kumi kwenye meza moja ndefu, na tisa kati yetu tulikaa upande wa mhadhiri.

Wa kumi tulimwita Nukta. Alikuwa msichana mdogo wa umbo, mwaka wa kwanza kama sisi, na alikuwa na tabia ya kuja kabla ya kila mtu, kufuta meza kwa kiganja, kisha kukaa kiti cha mwisho kabisa kana kwamba amekodishiwa.

Mhadhiri naye tulimwita Jekama, kwa sababu maswali yake yote yalianza na "Je, kama". Semina yake haikuwa mchezo. Karatasi ya visa tulipewa wiki moja kabla, tukaisome. Siku yenyewe anaingia, anazimisha simu zetu kwa jicho, anasoma kisa, kisha ananyoosha kalamu kwa mtu. Ukinyooshewa, unajibu kwa mpangilio: kwanza ukweli wa kisa, pili hoja inayobishaniwa, tatu kanuni ya sheria, nne unakivisha kisa hiyo kanuni na kuona kama inakaa. Ukifika salama, anabadilisha kitu kimoja tu. Je, kama barua ilipotea? Je, kama muuzaji alikufa? Hapo ndipo watu wanaanza kutafuta kalamu zilizoanguka chini ya meza.

Jibu sahihi lilikuwa na alama ya ushiriki. Mwenye sifuri ya ushiriki mpaka semina ya mwisho haruhusiwi kuingia kwenye mtihani, na asiyeingia kwenye mtihani anarudia mwaka mzima.

Semina ya kwanza, kalamu ilimwangukia Nukta.

"Duka limeweka koti dirishani na bei yake," alisema Jekama. "Unaingia, unasema nalichukua. Mwenye duka anagoma kuuza. Kuna mkataba?"

Nukta aliiambia jibu kola ya shati lake. Jibu lilikuwa sahihi, maana baadaye lilionekana kwenye daftari lake: hakuna mkataba, koti dirishani ni mwaliko tu, anayetoa ofa ni mteja, na mwenye duka ana hiari ya kuikubali au kuikataa.

"Sikusikii."

Akarudia.

"Sikusikii, binti."

"Mwalimu," nikasema mimi, kwa nia njema ya kuchangamsha darasa, "huyu ameiweka sauti kwenye mtetemo."

Watu walicheka vizuri sana. Katika kucheka, viti vilisogea kidogo kumpisha, kama watu wanavyompisha mwenye kikombe kilichojaa. Jekama akasogeza kalamu kwa mwingine.

Jumanne iliyofuata meza ilikuwa imerefuka kwa mkono mmoja. Iliyofuata tena, kwa urefu wa kitanda. Kila Nukta alipoulizwa na kutosikika, chumba kilijivuta upande wake, na viti vyetu vikabaki palepale. Mafundi wa chuo walikuja na futi ya chuma. Kwa nje chumba kilikuwa kilekile, kati ya choo na ofisi ya mikopo. Kwa ndani futi iliisha kabla ya chumba. Wakaongeza balbu, wakaondoka. Mfagizi aliomba ufagio wa pili akapewa, na kuanzia hapo jambo hilo likawa limekwisha.

Katikati ya muhula ilikuwa vigumu kumwona Nukta bila kukunja macho. Kule kwake kulikuwa na baridi, akawa anakuja na sweta mbili na kikohozi. Sauti nayo ilianza kuchelewa. Ilitembea kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani, taratibu, ikihofia kumwagika. Tukitaniana huku, utani ulimfikia sisi tukiwa tumeshasahau. Basi katikati ya hoja nzito kuhusu malipo ya fidia, unasikia kicheko kidogo kimoja kinawasili mezani, peke yake, hakina wa kucheka naye.

"Nani anacheka?" Jekama aliuliza kila mara.

Kicheko kilizunguka kidogo, kikakaa.

Mwanamke mmoja tu katika kundi alikuwa akienda kule. Tulimwita Mama Kundi, kwa sababu alikuwa na watoto wakubwa nyumbani, na alikuwa amerudi kusoma baada ya kuwalipia wao kwanza. Yeye alimwita Nukta "mwanangu," na sisi wengine alituita "nyie."

Semina ya mwisho ikafika. Wote tulikuwa na alama zetu. Nukta alikuwa na sifuri, na kila mtu alijua, hata mfagizi.

Jekama akaweka saa mezani. "Leo ananiambia Nukta," alisema, akainua sauti upande wa kule kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. "Sikiliza. Jumatatu muuzaji anamwandikia mnunuzi: nakuuzia cherehani yangu, nijibu kwa barua. Jumanne anabadili mawazo, anatuma barua ya kuifuta ofa. Jumatano mnunuzi, ambaye hajapata habari ya kufutwa, anatia posta barua ya kukubali. Alhamisi barua ya kufuta inamfikia mnunuzi. Ijumaa barua ya kukubali inamfikia muuzaji. Mkataba upo? Na kama upo, umeanza siku gani?"

Swali likaondoka. Tulilisikia likipungua.

"Wakati linakwenda," alisema Jekama, "nani ampelekee karatasi ya mahudhurio asaini?"

Nikajitolea. Ndiyo, mimi. Huo ndio moyo niliowaambia tunao. Mama Kundi akasema anakuja pia, akachukua kitenge chake kikubwa ampelekee ajifunike. Tukatembea. Njiani tulilipita swali, lilikuwa limefika kwenye "barua ya kufuta", likajivuta kuelekea kule. Kuta zilikuwa tupu. Sehemu moja mtu wa umeme alikuwa ameacha ngazi na hakurudi kuichukua.

Tukamkuta amekaa wima, daftari limefungwa, mikono juu yake. Alisaini mahudhurio kwa mwandiko mzuri. Mama Kundi akamfunika mabega.

"Umeamka salama, mwanangu?"

"Salama, mama." Kwa karibu hivyo sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, hata nzuri. "Huku hakuna anayeniuliza hilo."

"Swali linakuja. Usiogope. Unalijua."

"Nalijua. Nawaambiaga kila siku."

Swali likafika tukiwa tunamwona. Alifumba macho likapita lote mpaka mwisho. Mama Kundi akabaki kumfunga kitenge vizuri, mimi nikatangulia na karatasi. Na hapa naomba nieleweke: mimi nilitembea tu, kama mtu mwenye kazi ya kurudisha karatasi. Nilikuwa nikifikiria kisa hicho kwa akili yangu mwenyewe. Katikati ya chumba nilisimama kidogo kufunga kamba ya kiatu.

Nilipokaribia meza, nilikutana na sauti ya Jekama ikienda kule. "Muda umekwisha," ilikuwa ikisema. "Nalifuta swali." Nikaipisha.

"Mwingine?" Jekama aliuliza nilipokaa. "Nani analiweza?"

Nikanyoosha mkono. Wengine wakaniangalia kwa mshangao kidogo, kwa sababu kwa kawaida mkono wangu hunyooka kuomba ruhusa ya kwenda nje. Nikajibu:

"Mkataba upo, Mwalimu. Hoja ni kama ofa ilifutwa kabla ya kukubaliwa. Kanuni ni kwamba kukubali kwa posta kunakamilika barua inapotiwa posta," nikakohoa kidogo, "lakini kufuta hakuna nguvu mpaka kumfikie aliyepewa ofa. Hapa kukubali kulitumwa Jumatano, kufuta kukafika Alhamisi. Kulichelewa. Mkataba umeanza Jumatano, hata kama muuzaji alikuja kujua Ijumaa."

"Safi," alisema Jekama, na akaandika. "Safi sana. Kumbe unasoma."

Wino ulikuwa haujakauka Mama Kundi alipotokea, anatembea polepole, kichwa ameinamisha upande mmoja, kama mtu anayesindikiza mgeni. Alikuwa akitembea sambamba na sauti ya Nukta. Wakafika mezani pamoja.

"Mkataba upo, Mwalimu," ilisema sauti, bila mtu. "Hoja ni kama ofa ilifutwa kabla ya kukubaliwa. Kanuni ni kwamba kukubali kwa posta kunakamilika barua inapotiwa posta," ikakohoa kidogo, "lakini kufuta hakuna nguvu mpaka kumfikie aliyepewa ofa..." Na kuendelea, mpaka Ijumaa.

Jekama alisikiliza mpaka mwisho, maana ni mtu wa adabu. "Sahihi," alisema. "Ila limeshajibiwa."

"Mawazo yamegongana," nikasema.

Mama Kundi hakukaa. "Mwalimu, naomba kuuliza. Ulipolifuta swali, kufuta kwako tumekutana nako njiani. Kulikuwa hakujamfikia mtoto, na jibu lake lilikuwa limeshatoka. Kwa kanuni uliyotufundisha, swali lilikuwa bado ni lake."

"Kanuni ya kutia posta ni ya posta. Kwa sauti, kukubali kunakamilika kunaposikika."

"Sawa. Basi jibu nalo limesikika hapa sasa hivi, na kufuta kwako kule bado hakujafika. Kuko njiani. Nenda kasikilize."

Jekama alifikiri. Alizungusha kalamu. Kwa mbali tulisikia kweli ule ufutaji wake ukiendelea na safari, bado haujafika.

"Hiyo," alisema hatimaye, "ni hoja bora kuliko zote nilizosikia muhula huu." Akaandika. "Alama moja kwako, mama."

"Mimi ninazo nyingi. Mpe yeye."

"Alama ya kisa hiki ni moja, na nimeshampa kijana. Hiyo yako ni ya kuuliza. Sheria haiwezi kumgawia mtu alama kwa kuhamisha." Akachukua saa yake, akageukia kule, akainua sauti. "Nukta! Umejibu vizuri! Utarudia mwaka!"

Maneno yakaondoka kwa mwendo wake. Jekama akatutakia mtihani mwema, akatoka. Wenzangu wakakusanya vitabu. Yule wa karibu na mlango akazima balbu za upande wetu kwa mazoea, zikabaki za kule, na chini ya mwanga wake tukamwona Nukta, mdogo, amekaa wima na kitenge mabegani, akingoja kujua.

Mimi niliona si vizuri kuondoka tu. Nikasimama mlangoni nikimsubiri Mama Kundi, nimwambie jinsi nilivyoumia.

"Mama, imeniuma sana," nikasema. "Laiti ningekuwa nimelisikia jibu lake njiani, ningemtetea. Lakini nilikuwa nimeinama, nafunga kamba ya kiatu."

Mama Kundi alitazama miguu yangu. Nilikuwa nimevaa kandambili.

"Nilikuwa nyuma yako," alisema. "Ulisimama, ukatega sikio mpaka Ijumaa, ukakimbia. Umebeba mpaka kikohozi cha mtoto wa watu."