Kifaa Hakikupatikana

"Umeniunguzia chipu, shemeji," Mhandisi alisema bila hata kugeuka.

Shemeji yake, mdogo wa mumewe, ndiye aliyechomelea kila kijipande kwenye bodi ile ya kuongoza joto la kitanda cha watoto njiti. Bodi zilikuwa mbili, ya kwanza ilipasuka. Saa nane mchana wauguzi wangekuja karakana kuiona hii ikifanya kazi.

Tangu asubuhi Mhandisi alikuwa akijaribu kuingiza programu ndani ya chipu. Laptop iliungwa kwa waya wa USB na kiboksi kidogo cha kupitishia programu hadi kwenye chipu, nacho kiboksi kikaungwa na bodi. Kila alipoiamuru OpenOCD, programu ya laptop ya kuwasiliana na chipu, ianze, ilimrudishia maneno yaleyale: "Error: no device found." Hakuna kifaa kilichopatikana.

"Kifaa kipi?" shemeji aliuliza.

"Chipu! Kuna kingine?" Damu ilikuwa imemchemka. Akawasha mashine ya hewa moto ili aing'oe.

Shemeji akaweka kikombe chini. "Subiri kwanza, dada. Chomoa bodi kabisa, halafu ujaribu tena."

"Nitakuwa nimejaribu nini sasa?"

"We chomoa tu."

Akachomoa, shingo upande. Bodi ikalala peke yake mezani. Akaendesha OpenOCD: no device found. Hata nukta haikubadilika.

Mhandisi akayasoma tena maneno yale. Bodi haikuwepo, na lalamiko lilikuwa lilelile. Basi tangu mwanzo halikuwa juu ya bodi: OpenOCD ilikuwa haijakiona hata kiboksi chenyewe. Akaandika lsusb, amri ya kuorodhesha vyote vilivyochomekwa kwenye laptop. Kipanya kilikuwepo, kamera ilikuwepo, kiboksi hakikuwepo.

"Lakini taa yake inawaka," alisema kwa sauti ndogo.

"Umeme unafika. Data je?"

Akautazama ule waya. Alikuwa ameuchukua nyumbani, kwenye chaja ya simu ya mama mkwe. Wa kuchajia tu. Nyaya za data hazimo ndani. Shemeji akamtupia mwingine kutoka drooni. Safari hii lsusb ikakitaja kiboksi. Akarudisha bodi, na OpenOCD ikasoma namba ya utambulisho wa chipu papo hapo. Programu ikaingia bila kusita.

Mhandisi akazima hewa moto. Dakika tano zaidi, na angeiharibu kwa mikono yake bodi nzima isiyo na kosa.

"Nimekuonea, shemeji. Nisamehe."

"Umenionea sana," akajibu, akijizuia kucheka. "Na mama anautafuta waya wake tangu alfajiri. Ananishuku mimi."

"Nitamwambia mwenyewe."

Akampigia simu hapohapo, huku kipimajoto cha bodi kikianza kupanda, thelathini na nne, thelathini na tano.