Barua Pepe ya Hanna wa Vikombe

"Mama Tabitha, hivi siku ukistaafu utaaga watu au utaaga vikombe?" Jirani yangu wa Kimandolu, Penina, aliwahi kuniuliza hivyo akicheka, sote tukianika nguo. Nilimjibu kwamba vikombe havina neno. Miaka kumi na tisa nimevipanga, vitano kwa kila sampuli ya kahawa, wala hakuna hata kimoja kilichowahi kuninunia.

Kazi yangu ilikuwa kwenye chumba cha kuonjea kahawa, katika kampuni moja ya hapa Arusha, ndani ya jengo la mawe la enzi za Mjerumani. Nilikaanga sampuli, zikalala hadi kesho yake, nikazisaga na kumimina maji ya moto. Waonjaji walifuata na vijiko, wakavuta kwa kelele, wakatema na kuandika alama. Chini ya kila fomu liliandikwa jina la aliyekaanga, kwa sababu kahawa ikiungua lazima ijulikane nani aliiunguza.

Ijumaa yangu ya mwisho kazini, saa tatu asubuhi, Resiato wa utumishi alikuja na karatasi.

"Shikamoo mama. Barua yako ya kuaga hii hapa, unabadilisha jina tu. Itume kwa wafanyakazi wote kabla ya saa kumi na moja, maana hapo akaunti yako inafungwa."

"Marahaba, mwanangu. Hii si ile aliyotuma dereva mwaka jana?"

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Na yule wa ghalani?"

Akacheka. "Yule alisahau kubadilisha jina. Tukaagwa na dereva mara mbili."

Nilimrudishia karatasi yake. Ilianza na "Kila lenye mwanzo lina mwisho", na nilikuwa nimeona kwa macho yangu watu wakiifuta bila kuifungua. Nilifika darasa la saba tu, lakini asante najua kuiandika mwenyewe.

Niliandika kwanza kwenye daftari. Nilipofika kwenye jina la Saruni sikusita. Saruni ni mwonjaji wetu wa siku nyingi. Miaka tisa iliyopita mume wangu alipofariki, nilikaa matanga kijijini kwetu Nkoaranga wiki tatu. Wakati huo nilikuwa kibarua, na kibarua akikosekana zaidi ya siku saba nafasi yake hupewa mwingine. Saruni alikaanga sampuli zangu zote, na chini ya fomu akaandika jina langu. Niliporudi nilikuta kazi yangu ipo. Hatukulizungumza tena. Nami nilimwahidi Mungu kwamba sitaondoka pale bila kumshukuru mtu yule mbele za watu.

Hivyo niliandika yote, wiki tatu, fomu, na jina. Lakini jambo la mtu silitangazi kabla mwenyewe hajalisikia, kwa hiyo nilimpelekea daftari.

Alisoma amesimama, kijiko mkononi.

"Mama Tabitha, unataka kunizika mzima?"

"Nakushukuru, baba."

"Shukrani gani hii? Jumatatu wananitangaza mkuu wa chumba hiki. Mkuu ndiye anayethibitisha fomu zote. Halafu leo watu themanini wasome kwamba niliandika jina la mtu ambaye hakuwepo?"

"Ni miaka tisa sasa."

"Fomu bado ziko kabatini. Barua pepe ikishatoka hairudi, na wakubwa wote wamo kwenye hiyo orodha."

"Nilimwahidi Mungu, Saruni."

"Mungu hana barua pepe ya kampuni. Mwambie huko huko kanisani." Alinirudishia daftari. "Mimi niache kabisa. Usinitaje."

Nilirudi kwenye kiti changu. Nisimtaje vipi? Nikimshukuru mlinzi na mpishi, nikamruka mtu niliyefanya naye kazi bega kwa bega, kufika Jumatatu watasema tuligombana. Na nikimtaja kwa maneno ya hewani, aliyekuwa mwema na mchapakazi, hiyo ni karatasi ya dereva tena.

Niliinamisha kichwa nikaomba. Sikusikia sauti yoyote. Nilichoona, nilipofumbua macho, ni kwamba nilikuwa nataka kulipa ahadi yangu kwa kazi ya mtu mwingine. Barua ile ingenipa mimi moyo mweupe, yeye ingempa barua ya kujieleza.

Nikachana ukurasa. Nikatafuta jambo lingine la kweli, ambalo angeweza kulisikia mbele ya watu bila kuinamisha uso. Halikuwa mbali. Nilichapa kwa vidole viwili hadi saa nane.

*Kichwa: Hanna wa vikombe anaondoka leo*

*Ndugu zangu,*

*Leo ni siku yangu ya mwisho. Nilikuja kufagia miezi miwili, nikakaa miaka kumi na tisa.*

*Kisioki wa getini, asante kwa kunishikia mwavuli kila masika, na kwa kunidanganya kwamba sijachelewa. Marta wa jikoni, ulijua nafunga kila Ijumaa, hukuniuliza hata siku moja kwa nini sili. Resiato, asante kwa kunionyesha mara saba jinsi ya kuambatanisha faili. Ya saba ndiyo iliyoingia.*

*Saruni, wewe ulinifundisha kuisikiliza kahawa inapopasuka kikaangoni badala ya kuitazama rangi. Uliniambia macho yanachoka mapema kuliko masikio. Sampuli nilizoharibu baada ya hapo ni chache, na hukunicheka kwa zile za kabla.*

*Niliyemkosea anisamehe. Kuna siku nilikuwa mkali kwa ajili ya vikombe vichafu.*

*Narudi Nkoaranga kwenye migomba yangu. Anwani hii inafungwa jioni, lakini simu yangu Resiato anayo. Mkipita, chai ipo. Kahawa pia ipo, na huko hatutemi.*

*Hanna, Mama Tabitha*

Niliisoma mara mbili, nikahakikisha kwamba hakuna neno lililobaki kutoka daftarini, nikabonyeza. Kutoka vyumba vya jirani nilisikia kompyuta zikilia moja baada ya nyingine. Kisha kicheko cha Marta jikoni. Majibu yakaanza kuingia. Mtu wa mauzo ambaye sikuwahi kusalimiana naye zaidi ya mara mbili aliandika kwamba ameisoma mpaka mwisho.

Karibu na saa kumi Saruni aliingia na kijiko chake, akafunga mlango.

"Nimeiona," alisema. "Ni nzuri. Umenitendea haki, mama."

"Ile nyingine nakuambia kwa mdomo. Asante kwa zile wiki tatu. Kama si wewe, Tabitha asingemaliza shule."

"Yaishe hapo basi." Alitabasamu, mara ya kwanza siku ile. "Imebaki kati yetu wawili."

"Mimi sitaitangaza kwa mtu."

"Nashukuru."

"Lakini nikiulizwa, Saruni, sitasema uongo. Jina lililo kwenye fomu zile ni langu."

Tabasamu likabaki mdomoni, machoni halikuwepo tena.

"Nani akuulize, na wewe uko kwenye migomba?"

"Sijui. Nakuambia wewe ili usije ukalisikia kwa mwingine."

"Hata mkaguzi?"

"Hata mkaguzi."

Alitazama kabati la fomu ukutani, akanitazama mimi. Nilidhani angenisihi, na nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Aliweka kijiko chake mezani, akafungua mlango, akatoka.